Kerneli kutiwa kiraka ikiwa kazini: kinachotokea ndani, na kwa nini bado utawasha upya

Swali: *Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia seva nne za Ubuntu katika hospitali binafsi. Mfumo wa mapokezi na maabara hautakiwi kusimama hata usiku. Nimewezesha Livepatch na inaniambia viraka vimeingia, lakini nikiandika `uname -r` naona toleo lile lile la zamani, na mkaguzi wa usalama anasisitiza kwamba seva bado zina tundu. Kerneli inabadilishwaje wakati inafanya kazi? Na je, sasa naweza kuachana kabisa na kuwasha upya?*

Nzuri, ndugu. Kiraka kimeingia kweli. Mkaguzi wako naye anasema anachokiona kwenye chombo chake. Na kuwasha upya hutaachana nako. Ukishaona kinachofanyika ndani ya kumbukumbu ya mashine, utaona mambo hayo matatu hayapingani. Nitakuonyesha kwa kutumia tundu moja halisi ambalo marekebisho yake yote ni mistari miwili.

Tundu hilo ni Dirty Pipe, CVE-2022-0847. Lilitangazwa tarehe 7 Machi 2022 na Max Kellermann, mwandishi wa programu aliyekuwa akifuatilia malalamiko ya wateja kwamba faili zao za logi zilizobanwa kwa gzip zinaharibika bila sababu ya kueleweka. Alipochimba sana akakuta kosa haliko kwenye programu yake, liko kwenye kerneli ya Linux.

Unapoandika amri kama `cat faili | grep neno`, kerneli inajenga bomba kati ya programu hizo mbili. Bomba hilo ni mduara wa nafasi, kwa kawaida 16, na kila nafasi inaelekeza kwenye ukurasa mmoja wa kumbukumbu. Nafasi ina maelezo yake: ukurasa uko wapi, data inaanzia wapi, ina urefu gani, na alama chache. Mojawapo ya alama hizo, `PIPE_BUF_FLAG_CAN_MERGE`, inamaanisha kwamba anayeandika tena kwenye bomba anaruhusiwa kuongeza data yake papo hapo kwenye ukurasa uleule badala ya kuanza ukurasa mpya.

Kuna pia mwito wa `splice()`, ambao hupitisha faili kwenye bomba bila kunakili chochote. Unachukua ukurasa wa faili kama ulivyo kwenye akiba ya kurasa, yaani ile nakala ya faili ambayo kerneli huiweka kwenye kumbukumbu kwa matumizi ya wote, na kuuelekeza kwenye nafasi ya bomba. Ukurasa wa namna hiyo haupaswi kamwe kubeba alama ya kuunganisha, kwa sababu si mali ya bomba. Kosa lilikuwa kwamba nafasi ilipotumiwa tena, kerneli ilijaza maelezo mengine yote ikasahau kufuta alama za matumizi yaliyopita. Uzembe huo ulikuwepo tangu toleo 4.9 bila madhara makubwa. Toleo 5.8 la mwaka 2020 lilipohamishia ruhusa ya kuunganisha kwenye alama hizo, mtumiaji wa kawaida akaweza kuandika juu ya faili ambayo ana ruhusa ya kuisoma tu, hata `/etc/passwd`.

Marekebisho yake, kwa kifupi, ni haya:

```diff
 	buf->ops = &page_cache_pipe_buf_ops;
+	buf->flags = 0;
```

Mstari uleule uliongezwa mahali pawili kwenye faili `lib/iov_iter.c`, ndani ya fanksheni `copy_page_to_iter_pipe` na `push_pipe`. Hakuna muundo wa data uliobadilishwa wala kufuli lililohamishwa. Kwa anayetengeneza viraka vya kerneli inayotembea, hii ni zawadi.

Kiraka chenyewe hakiandikwi kwa mkono kwenye kumbukumbu. Chombo kama `kpatch-build` cha Red Hat hukompaili kerneli mara mbili, mara moja bila marekebisho na mara ya pili nayo, kisha hulinganisha matokeo fanksheni kwa fanksheni na kuchukua zilizotofautiana tu. Zinafungwa ndani ya moduli ya kawaida ya kerneli, faili ya `.ko`. Hapa pana jambo linalowashangaza wengi: fanksheni zinazotofautiana mara nyingi si zile ulizozigusa. Kompaila ina tabia ya kuimeza fanksheni ndogo ndani ya ile inayoiita. Kama `copy_page_to_iter_pipe` imemezwa na `copy_page_to_iter`, basi kwenye kerneli inayotembea ile ya kwanza haipo kabisa kama kitu kinachojitegemea, na cha kubadilisha ni ile ya pili yote. Ndiyo maana kiraka hutengenezwa kwa ajili ya kerneli moja mahsusi, kwa kompaila ileile na mipangilio ileile. Moduli iliyotengenezwa kwa toleo jirani haifai, hata kama msimbo unafanana herufi kwa herufi.

Sasa moduli imepakiwa. Fanksheni ya zamani haifutwi na wala haiandikwi upya. Kwenye prosesa za x86-64, kerneli hukompailiwa hivi kwamba karibu kila fanksheni inaanza na baiti 5 zisizofanya kitu. Nafasi hiyo iliwekwa kwa ajili ya ftrace, mfumo wa kufuatilia mwenendo wa kerneli, na livepatch imeomba hifadhi humohumo. Baiti hizo 5 zinageuzwa kuwa mwito wa kwenda ftrace, na ftrace inabadilisha anwani ya kurudia ili prosesa iendelee kwenye fanksheni mpya iliyo ndani ya moduli. Ugeuzaji wenyewe unafanywa kwa tahadhari, maana prosesa nyingine inaweza kuwa inapita hapohapo. Kwanza baiti ya mwanzo inawekwa alama ya kusimamisha, kisha zinaandikwa nne zinazofuata, na ya kwanza inakamilishwa mwishoni. Hakuna wakati ambapo prosesa itasoma amri iliyoandikwa nusu.

Angalia kwamba njia inachepushwa mlangoni tu. Mchakato uliokwisha kuingia ndani ya fanksheni ya zamani utaendelea nayo hadi mwisho. Kwa Dirty Pipe hilo halina shida, lakini fikiria marekebisho yanayohamisha kufuli. Zamani fanksheni A ilifunga kufuli kisha ikaita B. Katika toleo jipya A haifungi, B ndiyo inayofunga. Mchakato ukiwa ndani ya A ya zamani, kufuli tayari mkononi, kisha ukaita B mpya, B itajaribu kufunga kufuli lililofungwa na mchakato huohuo, na mashine itaganda. Kugeuza baiti ni kazi ya mhitimu hodari. Swali lililowaumiza watu vichwa ni lini kila mchakato unaweza kuvushwa kwa usalama.

Ksplice, iliyoanzia MIT na baadaye kununuliwa na Oracle mwaka 2011, ilijibu kwa kusimamisha prosesa zote kwa kitambo kifupi sana, kukagua kama kuna yeyote aliye ndani ya msimbo unaobadilishwa, kisha kugeuza vyote kwa mpigo. Kpatch ya Red Hat ilifuata njia hiyohiyo mwaka 2014. Mwaka huohuo SUSE wakaja na kGraft, isiyosimamisha chochote: kila mchakato unavushwa peke yake, kwa wakati wake. Msingi wa pamoja uliingia kwenye Linux 4.0 mwaka 2015, na toleo 4.12 la mwaka 2017 likaunganisha akili za pande zote mbili. Huo ndio utaratibu ulio kwenye seva zako.

Unafanya kazi hivi. Kiraka kinapowashwa, kila mchakato unawekewa alama kwamba una uhamisho unaosubiri. Katika kipindi hicho fanksheni zote mbili, ya zamani na mpya, ziko hai, na kila mwito ukifika mlangoni kerneli inatazama alama ya mchakato husika ili kujua uende wapi. Mchakato uliolala unakaguliwa orodha yake ya miito: kama hakuna hata fanksheni moja ya zamani inayobadilishwa ambayo bado uko ndani yake, unavushwa papo hapo ukiwa usingizini. Mchakato unaokimbia unavushwa unaporudi kutoka kwenye kerneli kwenda kwenye programu ya mtumiaji, kwa sababu wakati huo hauna kitu ndani ya kerneli. Waliobaki wanajaribiwa tena kila baada ya kama sekunde moja. Kwenye kerneli za sasa, kila baada ya sekunde 15 waliong'ang'ania hushtuliwa kwa ishara bandia: wanaamka, wanapita kwenye mpaka huo, wanavushwa, na programu yenyewe haioni kitu.

Mara nyingi yote haya yanamalizika ndani ya sekunde chache. Yasipomalizika utaona hivi:

```
cat /sys/kernel/livepatch/*/transition
grep -H '^0' /proc/[0-9]*/task/*/patch_state
```

Amri ya kwanza ikitoa `1`, uhamisho bado unaendelea. Ya pili, ukiwa mzizi, inakuonyesha nyuzi ambazo bado ziko upande wa zamani wakati kiraka kinawashwa. Namba `1` ni waliovuka, na `-1` inamaanisha hakuna uhamisho wowote. Chukua namba ya mchakato uliokwama, soma `/proc/NAMBA/stack`, na utaona umelala ndani ya fanksheni gani. Mkaidi wa kawaida ni mchakato ulio katika hali ya `D`, kwa mfano unaosubiri diski ya mtandao ya NFS ambayo seva yake imeondoka. Hali hiyo haisikii ishara za kawaida, wala ile ya bandia. Kukwama huko hakuangushi mashine, lakini mchakato ule bado unatumia msimbo wenye tundu, na kiraka kingine hakiwezi kupakiwa hadi huu uhamisho uishe. Dawa ni kurudisha kile unachokisubiri. Rudisha NFS, na kiraka kitamalizika chenyewe.

Utakutana pia na faili iitwayo `force` kwenye saraka ileile. Kuandika `1` humo kunavusha wote kwa nguvu bila ukaguzi. Ukifanya hivyo umeondoa dhamana yote niliyoieleza hapo juu, na kerneli yenyewe itakataa moduli hiyo isiondolewe tena, kwa kuwa haijui nani bado yuko ndani. Kwenye seva ya maabara mimi singeigusa. Kama nimefika mahali pa kuifikiria, tayari nina sababu ya kutosha ya kuwasha upya.

Tuje kwa mkaguzi wako. `uname -r` inasoma jina ambalo kerneli ilipewa ilipojengwa, na kerneli iliyopakiwa wakati wa kuwaka ni ileile. Kilichoongezeka ni moduli. Vyombo vingi vya ukaguzi hulinganisha jina hilo, au orodha ya paketi, na orodha ya matoleo yenye kasoro, vikaishia hapo. Usibishane naye kwa maneno, mpe ushahidi:

```
canonical-livepatch status --verbose
ls /sys/kernel/livepatch/
```

Ya kwanza inaorodhesha namba za CVE zilizozibwa na kiraka kilichopo. Ya pili inathibitisha kwamba moduli imo ndani ya kerneli yenyewe, mbali na maneno ya huduma inayoisimamia. Aoanishe namba hizo moja moja na ripoti yake. Huenda mbili tatu zikabaki bila mwenza, na hapo atakuwa na haki: Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, hutoa viraka hivi kwa matundu ya kerneli yenye uzito mkubwa, yale mengine madogo husubiri kerneli mpya. Zaidi ya hapo, maktaba kama OpenSSL na glibc haziko ndani ya kerneli hata kidogo. Ukizisasisha, huduma zinazozitumia bado zimeshikilia nakala ya zamani hadi uzianzishe upya moja moja.

Yapo pia matundu makubwa ambayo njia hii haiyawezi. Mwaka 2018 lilipotangazwa Meltdown, tundu la kwenye prosesa zenyewe, tiba yake ilikuwa kutenganisha majedwali ya kurasa ya kerneli na ya programu, jambo linalogusa msimbo wa asembli wa kuingilia kernelini na mpangilio mzima wa kumbukumbu. Huko hakuna mlango mmoja wa kuchepushia, na walio wengi walilazimika kuwasha upya. Msimbo unaotumika wakati wa kuwaka tu nao umeshapita, kuubadilisha hakubadilishi kitu. Marekebisho yanayoongeza uwanja kwenye muundo wa data ni magumu zaidi, kwa sababu maelfu ya vipande vya muundo ule viko tayari kwenye kumbukumbu kwa ukubwa wa zamani. Watengenezaji huweka data ya ziada kando na kuiunganisha na kipande husika kwa anwani yake. Inafanya kazi, ila kila kiraka cha aina hiyo kinahitaji mtu wa kukifikiria, chombo peke yake hakitoshi.

Lakini kikomo ambacho ningependa ukikumbuke kuliko vyote kimo ndani ya Dirty Pipe yenyewe. Kiraka hubadilisha msimbo, hakisafishi data. Ule mstari wa `buf->flags = 0` unafanya kazi nafasi ya bomba inapojazwa. Kama mshambuliaji alishaandaa bomba lake kabla ya kiraka kuingia, ukurasa wa faili ukiwa ndani na alama mbaya ikiwa juu yake, alama hiyo ipo palepale baada ya kiraka, na bado anaweza kuandika. Vivyo hivyo kama alishaandika: badiliko alilofanya liko kwenye akiba ya kurasa, kila programu inayosoma faili ile inaona uongo wake, na kwa kuwa kerneli haikuhesabu ukurasa ule kuwa umebadilishwa, diskini huenda faili ni safi kabisa. Kuwasha upya kungeufuta uongo huo, kiraka hakiufuti. Kwa hiyo seva ambayo watu usiowaamini wana akaunti juu yake, na tundu lilikuwa wazi kwa siku kadhaa kabla ya kiraka, mimi ningeiwasha upya hata kama Livepatch inasema kila kitu ni sawa. Na kama unashuku kwamba mtu ameshaingia, nakili kwanza unachohitaji kwa uchunguzi, kwa sababu kuwasha upya kutaondoa ushahidi pamoja na uchafu.

Kiraka pia kinaishi kwenye kumbukumbu tu. Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, seva itawaka na kerneli iliyo kwenye diski. Kama diskini kuna ile ya zamani peke yake, utakuwa wazi tangu inapowaka hadi huduma ya Livepatch ipakie kiraka tena. Kwa hiyo endelea kusakinisha kerneli mpya kwa `apt` kama kawaida, ila usiwashe upya papo hapo. Faili `/var/run/reboot-required` itatokea, iache ikae. Ikitokea seva imezimika bila kupanga, itaamka na kerneli iliyorekebishwa toka mwanzo.

Na hazina ya viraka kwa kerneli moja ina mwisho. Amazon Linux hutoa viraka kwa kerneli fulani hadi miezi 3 tangu itoke, SUSE hadi mwaka mmoja. Baada ya hapo wanakutaka uhamie kerneli mpya, kwa sababu kila kiraka cha leo kinabeba ndani yake vyote vilivyotangulia na kinazidi kuwa kizito kukipima. Ubuntu nayo itakuonyesha kwenye `status` kwamba kerneli yako imetoka nje ya huduma. Usisubiri ifike huko. Kwa hospitali yenye seva nne ningepanga mara moja kwa kila miezi mitatu, seva moja moja, mfumo wa maabara ukiwa umehamishiwa kwenye seva ya pili. Anza na ile isiyo na wagonjwa nyuma yake, iache siku mbili na kerneli mpya, ndipo uguse nyingine. Mkuu wako akiuliza kwa nini bado unazima mashine wakati mlilipia Livepatch, mwambie Livepatch ndiyo iliyokuwezesha kuchagua hiyo saa tisa ya usiku wa Jumapili badala ya kuchaguliwa na tangazo la CVE la Jumanne asubuhi.